Jua la Juni na Madini ya Desemba: Namna Wachina Wanavyolinganisha Wachumba kwa Siku ya Kuzaliwa

Katika ndoa za zamani za Kichina, mchumba alisomwa kwenye karatasi kabla hajaonwa uso. Mshenga alileta kadi nyekundu yenye herufi nane zinazotaja mwaka, mwezi, siku na saa aliyozaliwa binti. Familia nyingi ziliiweka kadi hiyo mbele ya madhabahu ya mababu kwa siku tatu. Ikiwa ndani ya siku hizo hakuna chombo kilichovunjika wala ugomvi uliozuka nyumbani, ilihesabiwa kwamba wahenga wameridhia, na kadi za pande zote mbili zikapelekwa kwa mtaalamu azipime. Kuuliza jina na kuzaliwa kwa binti kulikuwa hatua ya pili katika zile hatua sita za posa na ndoa, na majibu ya ramli yalikuwa hatua ya tatu. Majibu yakiwa mabaya, posa iliishia hapo.

Sheria ya Ndoa ya China ya mwaka 1950 iliwapa vijana haki ya kuchagua wenyewe, na serikali ikazihesabu ramli za aina hii kuwa ushirikina. Hata hivyo desturi haikufa. Iliendelea Hong Kong, Taiwan, Singapore na Malaysia, na Wakorea wanayo ya kwao inayoitwa gunghap. Leo imehamia kwenye simu: mtu anaingiza tarehe mbili, programu inamrudishia asilimia. Mara nyingi kinachopimwa ndani ya asilimia hiyo ni kitu kimoja tu, yaani herufi inayosimama badala ya mtu mwenyewe, ambayo hapa nitaiita mwenye siku. Makala haya yanaeleza mwenye siku ni nini, wawili wakilinganishwa hutazamwa nini, na kwa nini asilimia ile huwa inasemwa mapema mno.

Elimu hii huitwa Bazi, au Nguzo Nne. Nguzo ya kwanza ni mwaka, ya pili mwezi, ya tatu siku, ya nne saa. Kila nguzo ina herufi mbili: juu kuna shina, chini kuna tawi. Mashina yako kumi. Matawi yako kumi na mawili, na ndiyo wale wanyama wanaojulikana duniani kote, Panya, Ng'ombe, Chui-milia na wenzao. Shina na tawi huenda sambamba katika mzunguko wa jozi 60, na mzunguko huo unahesabu miaka, miezi, siku na saa bila kukatika.

Wengi wetu tunawajua wanyama wa mwaka tu, na hapo ndipo wataalamu wa zamani nao walipokuwa wameegemea. Li Xuzhong, mtaalamu wa enzi ya Tang aliyefariki mwaka 813, alisoma mwaka, mwezi na siku, na uzito mkubwa aliupa mwaka. Mageuzi yanahusishwa na Xu Ziping, aliyeishi karibu na mwanzo wa enzi ya Song katika karne ya 10. Katika mtindo unaobeba jina lake, saa iliingizwa kikamilifu na kitovu kikahama kutoka mwaka kwenda kwenye shina la siku. Tangu hapo shina la siku ndilo mtu mwenyewe, na herufi saba zilizobaki ni mazingira yake: wazazi, kazi, mali, watoto, majira aliyoyakuta duniani. Tawi lililo chini ya mwenye siku, lile lililomgusa kabisa, ni nyumba ya mwenzi wa ndoa.

Kung'ang'ania mwaka peke yake kuna gharama, na Japani inaijua. Huko kuna imani kwamba mwanamke aliyezaliwa mwaka wa Farasi wa Moto humletea mumewe balaa. Mwaka 1966 ulikuwa wa Farasi wa Moto. Watoto waliozaliwa Japani walishuka kutoka takriban milioni 1.82 mwaka 1965 hadi takriban milioni 1.36, pungufu ya robo nzima, kisha mwaka uliofuata wakapanda tena. Mzunguko wa miaka 60 umeurudisha mwaka huo mwaka 2026. Kwa mfuasi wa Xu Ziping hofu hiyo haina msingi hata ndani ya elimu yenyewe, kwa sababu mwaka ni nguzo moja tu kati ya nne, na si ile inayomwakilisha mtu.

Mashina kumi ni asili tano, kila moja kwa sura mbili. Jia ni mti mkubwa, Yi ni mmea utambaao. Bing ni jua, Ding ni moto wa taa. Wu ni mlima, Ji ni udongo wa shamba. Geng ni chuma kizito, Xin ni madini laini ya vito. Ren ni bahari, Gui ni mvua na umande. Sura ya kwanza katika kila jozi ni ya yang, iliyo wazi na yenye nguvu. Ya pili ni ya yin, ya ndani na laini. Asili hizi huzaana, kwa mfano maji hulisha mti na mti hulisha moto, na pia hutawalana: maji huzima moto, moto huyeyusha madini, madini hukata mti.

Kutokana na hapo watu wengi hukimbilia hukumu. Yeye ni moto, mimi ni madini, moto unayeyusha madini, basi atanimaliza. Hukumu hiyo si ya elimu hii. Katika Bazi ndoa yenyewe inasomwa kupitia kutawala. Kwa mwanamume, mke ni ile asili ambayo mwenye siku wake anaitawala; kwa mwanamke, mume ni ile inayomtawala mwenye siku wake. Hapo jamii ya kale ya mfumo dume imejiandika waziwazi, na wataalamu wengi wa sasa wanaomhudumia mwanamke mwenye kazi na nyumba yake hulisoma jambo hilo kwa tahadhari. Lakini kanuni ndiyo hiyo: kutawalana hakumaanishi ugomvi. Kinachotazamwa ni nani anamtawala nani, na kwa sura gani. Yang akimtawala yang mwenzake, ni mapambano. Yang akimtawala yin, mara nyingi ni kushikana mikono, na hapo ndipo zinapotoka jozi tano zinazosemekana kuungana: Jia na Ji, Geng na Yi, Bing na Xin, Ren na Ding, Wu na Gui.

Programu ya simu ikiona moja ya jozi hizi tano, inapandisha asilimia. Ila hesabu yake ni nyepesi: mashina yako kumi, kwa hiyo karibu mtu mmoja katika kila kumi utakaokutana nao barabarani ana shina linaloungana na lako. Hakuna mtaalamu makini atakayefungisha ndoa kwa kigezo ambacho abiria kadhaa katika basi moja wanakitimiza.

Sasa tuwachukue wachumba wawili. Watu hawa nimewatunga, lakini tarehe na herufi zao ni za kalenda halisi. Mwanamke amezaliwa Shanghai tarehe 22 Desemba 1988, saa 2:10 asubuhi. Mwanamume amezaliwa Chengdu, usiku wa kuamkia tarehe 22 Juni 1986, na cheti kinasema saa 6:40 usiku.

Tuanze na mwanamume, maana kwake kuna mtego. Ukiingiza tarehe kama ilivyo, kalenda inampa siku ya Ding juu ya tawi la Jogoo. Yeye ni moto wa taa. Mwanamke anatoka Xin juu ya tawi la Nguruwe, yaani madini ya vito. Ding na Xin wote ni yin, hawaungani, na vitabu vya zamani vinasema Xin humwogopa Ding kuliko moto mwingine wote, kwa kuwa moto mdogo wa karibu ndio unaoharibu kito. Asilimia itashuka, na mama mkwe atakunja uso.

Lakini saa ile si saa ya jua. China nzima hutumia saa moja, iliyopangwa kwa longitudo ya 120, na Chengdu iko karibu longitudo ya 104. Kila digrii moja ni dakika nne, kwa hiyo jua la Chengdu linachelewa kwa takriban dakika 64. Zaidi ya hapo, kuanzia mwaka 1986 hadi 1991 China ilikuwa ikisogeza saa mbele kwa saa moja wakati wa kiangazi, na Juni 1986 ilikuwa ndani ya kipindi hicho. Ondoa saa moja ya serikali, inabaki saa 5:40 usiku. Ondoa tofauti ya longitudo, inabaki karibu saa 4:35 usiku. Siku ya Kichina haijabadilika bado. Mtu huyu ni wa tarehe 21, na siku hiyo ni Bing juu ya tawi la Nyani. Si taa tena, ni jua. Na Bing na Xin ni moja ya zile jozi tano.

Wapo wataalamu wasiosahihisha longitudo, na wapo wanaobishana kama siku mpya inaanza saa tano usiku, inapoingia saa ya Panya, au saa sita. Kila mmoja ana hoja zake. Hata hivyo ile saa moja ya kiangazi hairuhusu ubishi, kwa sababu ni amri ya serikali iliyosogeza mishale, na jua halikusogea. Ukipelekewa hukumu juu ya Mchina aliyezaliwa kiangazi cha miaka hiyo bila kuulizwa jambo hili, hukumu hiyo haina msingi.

Basi tuna Bing na Xin. Hapa programu inapiga makofi na kumaliza, ilhali mtaalamu ndiyo kwanza anaanza, na jambo la kwanza analolitazama ni mwezi. Mwezi katika Bazi hufuata jua, si mwandamo, na unaeleza mwenye siku amezaliwa katika hali gani ya hewa.

Nguzo za mwanamume ni Bing-Chui-milia, Jia-Farasi, Bing-Nyani, Ji-Nguruwe. Mwezi wa Farasi ni kilele cha kiangazi cha kaskazini. Herufi tano kati ya nane ni moto au mti unaoulisha moto. Huyu ni jua la adhuhuri katika mwezi wa joto, mwenye nguvu za kupita kiasi. Hahitaji mtu wa kumtia moyo. Anahitaji maji ya kumpoza na madini ya kumpa kazi ya kufanya, na katika chati yake vitu hivyo vimo kidogo tu, ndani ya Nyani na Nguruwe.

Nguzo za mwanamke ni Wu-Joka, Jia-Panya, Xin-Nguruwe, Ren-Joka. Mwezi wa Panya ni kitovu cha baridi. Maji yamejaa: Panya, Nguruwe, na Ren juu ya saa. Udongo upo, lakini Joka ni udongo wa kinamasi, unaotunza maji badala ya kuyazuia. Moto hakuna hata mmoja, si juu wala uliofichwa ndani ya matawi. Kito hiki kimelala chini ya maji baridi. Kisichokuwepo kabisa kwake ndicho kilichofurika kwa mwenzake, na kilichofurika kwake, maji, ndicho anachokihitaji mwanamume. Hapo ndipo ulinganifu wao ulipo. Kuungana kwa Bing na Xin ni mlango tu. Angekuja Xin mwingine aliyezaliwa Juni, mwenye moto tele, muungano wa mashina ungekuwa uleule na asilimia ileile, lakini wawili hao wangekuwa wakichomana.

Kuna kanuni inayowatisha wanawake wengi, nayo inahitaji kutazamwa hapa. Mwanamke ambaye asili anayoizaa yeye imezidi huambiwa kwamba atamshinda mumewe na ndoa haitadumu. Mantiki yake ni hii: madini huzaa maji, mume wa madini ni moto, na maji huzima moto. Bibi huyu wa Desemba ana maji ya kutosha kuzima tanuru. Mtaalamu wa kukariri angemhukumu papo hapo. Lakini vitabu vya kale vyenyewe vimeweka wazi kwamba kwa madini ya majira ya baridi yenye maji mengi kanuni inageuka: huyo anautaka moto, kwa sababu bila joto maji yake yameganda na hayafai kitu. Ni moja ya sehemu ninazozipenda zaidi katika elimu hii, kwa kuwa inaonyesha waandishi wake walikuwa wakifikiri juu ya hali ya hewa, hawakuwa wakikariri orodha ya maadui. Na ninaumia nikifikiria mabinti wangapi walikataliwa na mtu aliyesoma nusu ya kanuni.

Baada ya mashina, tunashuka kwenye matawi ya siku, yaani nyumba za ndoa. Wake ni Nguruwe, wa mwenzake ni Nyani. Mashina yanayoungana siku zote ni moja la yang na moja la yin, na shina la yang hukaa juu ya tawi la yang, la yin juu ya tawi la yin. Matawi yanayogongana uso kwa uso, kama Panya na Farasi, au Nguruwe na Nyoka, ni ya upande mmoja. Kwa hiyo wachumba ambao mashina yao ya siku yanaungana hawawezi kugongana katika nyumba za ndoa. Wanaweza, hata hivyo, kudhuriana, na Nguruwe na Nyani ni moja ya jozi sita za kudhuriana. Chanzo chake ni cha kijamii kabisa: mshirika wa Nyani ni Nyoka, na Nyoka ndiye anayegongwa na Nguruwe. Anayemshambulia rafiki yako hakupigi wewe, ila hukai naye kwa amani.

Kwa lugha ya nyumbani, wataalamu husoma hali hii kama manung'uniko ya chinichini: ndugu wa mume, marafiki wa mke, jambo dogo lisilosemwa ambalo linarudi kila wiki. Si talaka. Hukumu yangu juu ya wachumba hawa, nikifuata kanuni za elimu yenyewe, ni kwamba wanafaana kwa sababu ya majira, wanavutana kwa sababu ya mashina, na watachoshana katika mambo ya ukoo na wageni. Asilimia moja haiwezi kusema mambo hayo matatu kwa pamoja.

Mipaka yake nayo ielezwe wazi. Chati zinazowezekana ni 518,400 tu. Gawanya watu bilioni 8 kwa idadi hiyo, kila chati ina wastani wa watu zaidi ya 15,000 walio hai wanaoishiriki, na hao wote hawaoi aina moja ya mke wala hawadumu katika ndoa kwa miaka sawa. Hakuna uthibitisho wa kisayansi kwamba shina la siku linabashiri ndoa. Pia mfumo mzima umejengwa juu ya majira ya China ya kaskazini. Madini ya Desemba yanahitaji jua kwa sababu Desemba huko ni baridi. Mtoto aliyezaliwa Dar es Salaam mwezi huohuo amezaliwa katika joto kali, na wataalamu hawajakubaliana: wengine hugeuza miezi kwa walio kusini ya ikweta, wengine hukataa katakata kwa hoja kwamba kalenda ni moja kwa dunia nzima. Mkenya aliyezaliwa Nanyuki, ikweta ikimpita mlangoni, hajui hata amfuate nani.

Kwetu kuna tatizo jingine la kawaida kabisa. Kadi ya kliniki au kumbukumbu ya mama husema saa saba usiku, na programu inataka saa inayohesabiwa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa saba usiku ni 01:00 na saa nne asubuhi ni 10:00. Ukikosea saa sita hizo, nguzo ya saa inaharibika, na kwa aliyezaliwa usiku siku nayo inaweza kuhama pamoja na mwenye siku. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya 45, hivyo jua la Dar es Salaam liko nyuma kwa takriban dakika 23, na la Kampala kwa takriban dakika 50.

Kwa hiyo ukiletewa majibu kwamba wewe na mwenzako mna asilimia fulani, au kwamba moto wake utayeyusha madini yako, mwulize aliyekupa mambo matatu: saa ya kuzaliwa ilisahihishwa vipi, kila mmoja wenu amezaliwa katika mwezi gani na mwezi huo unamfanya ahitaji nini, na matawi ya siku zenu yanasemaje. Asiyeweza kujibu amesoma shina tu. Na akishakujibu, halafu akakuuzia kito, hirizi au ibada ya kuondoa mkosi, usitoe pesa yako. Nguzo nne zinahesabiwa bure kwenye kalenda, na hakuna kitu cha kununua kinachobadilisha siku uliyozaliwa.